Uchambuzi wa kisa: piroli iliyogeuka ulimbo ndani ya faneli

Kisa chenyewe kwa kifupi

Hiki kisa kilitokea maabara ya kufundishia, mimi nikiwa msimamizi. Aliyehusika namuita tu "mwanafunzi", na maabara yenyewe sitaitaja, haina umuhimu hapa. Kilichonifanya nikiandike ni kwamba kosa lake lilikuwa la akili kabisa, yaani alifikiri vizuri tu ila alianzia mahali pabaya, na mahali penyewe ni swali moja ambalo wengi tunalijibu mtihanini halafu tukishika vyombo tunalisahau: ile jozi pweke ya elektroni, yaani jozi isiyotumika kwenye bondi, kwenye pete tatu za piridini, piroli na furani imekaa wapi?

Mazingira

Alipewa chupa yenye mchanganyiko wa vimiminika vitatu, takriban mililita 10 kila kimoja: piridini, piroli na furani. Kazi yake avitenganishe na arudishe kila kimoja kikiwa kisafi kiasi cha kutambulika kwa kiwango chake cha kuchemka. Kwa moli hapo tuna kama 0.124 za piridini, 0.144 za piroli na 0.138 za furani.

Ukitazama viwango vya kuchemka unaona furani iko mbali na wenzake, inachemka kwenye 31 °C, wakati piridini ni 115 na piroli 130. Kwa hiyo furani unaweza kuikeneka peke yake bila shida, lakini hao wawili wamekaribiana mno kwa vyombo rahisi vya kukenekea. Tena kuna kitu kingine watu hawakioni haraka, piroli na piridini hushikana zikiwa pamoja, haidrojeni iliyo kwenye nitrojeni ya piroli inaegemea nitrojeni ya piridini. Hiyo tayari ni dokezo kubwa kuhusu nani ni besi na nani ni asidi kati yao, ila siku ile hakuna aliyelisoma dokezo hilo, hata mimi sikulisema.

Kutumia maji matupu nako hakusaidii, maana zote mbili hugawanyika kati ya maji na kiyeyusho cha kaboni kwa namna inayofanana sana. Kilichobaki ni asidi. Mpango wa kutumia asidi ulikuwa sahihi, shida ni asidi gani na kwa matarajio gani.

Mwanafunzi alivyofikiri

Kwenye daftari lake, kabla hajaanza, aliandika hivi kwa maneno yake: piridini ina nitrojeni, piroli ina nitrojeni, furani haina, kwa hiyo nikiosha kwa asidi kali hizo mbili zitaingia kwenye maji kama chumvi na furani itabaki juu kwenye etha. Halafu akaongeza kwamba piroli ina NH kama amini ya pili, na amini za pili ni besi nzuri, kwa hiyo piroli itatangulia kuchukua protoni, na kama akiongeza asidi kidogo kidogo ataitoa piroli kwanza halafu piridini baadaye.

Niliyapita yale maandishi haraka nikasaini. Hilo kosa ni langu, nalisema mapema.

Ukiangalia alikotoa wazo hilo utamuelewa. Pirolidini, ambayo ni pete ileile ya piroli ikiwa imejazwa haidrojeni na haina bondi mbilimbili, ni besi kweli, umbo lake lililobeba protoni lina pKa ya kama 11.3, na pKa hapa ni kipimo cha jinsi protoni inavyoshikwa, ikiwa kubwa besi ni kali zaidi. Kwenye karatasi piroli na pirolidini zinafanana kama ndugu, herufi N, herufi H, pete ya watu watano. Sasa mtu akichora haraka bila kuhesabu elektroni anaona amini tu.

Jaribio la kwanza, hatua kwa hatua

Alimimina mchanganyiko wote, mililita 30, kwenye mililita 60 za etha ndani ya faneli ya kutenganishia. Hakuitoa furani kwanza, alisema itabaki salama kwenye etha. Hilo peke yake lilikuwa tatizo, maana etha inachemka kwenye 35 °C na furani 31, ukishazichanganya umejifungia mlango, huzitenganishi tena kwa vyombo vya kawaida.

Kisha akaongeza asidi haidrokloriki ya mola 6, mililita 50, yaani moli 0.30. Hesabu yake ilikuwa moli za nitrojeni zote jumla 0.27 na ziada kidogo. Haikuwa kwenye barafu. Na ule mpango wa kuongeza kidogo kidogo aliuacha, alimimina yote kwa mara moja kwa sababu muda ulikuwa unaenda.

Dakika ya kwanza joto lilipanda, etha ikaanza kusukuma kizibo, akafungua bomba la faneli kutoa presha, sawa. Kama dakika ya pili rangi ikawa ya chungwa, ikaenda nyekundu, ikaenda kahawia, na kati ya tabaka mbili ikatokea kitu kama ulimbo mweusi kinachonata kwenye kioo. Akaniita: "Mwalimu, kuna kitu kinaganda." Nilipofika bomba lilikuwa limeziba tayari.

Tulikaa tukisubiri tabaka zitengane, hazikutengana vizuri, tukachuja, tukapoteza muda mwingi. Tabaka la maji alilitia sodiamu haidroksaidi likawa na besi, akalivuta kwa etha, akapata piridini mililita 6 na kitu, yenye harufu yake ileile isiyosahaulika, ila ina rangi ya chai. Piroli hakupata hata tone. Tabaka la etha lilikuwa na furani iliyosalia lakini kama nilivyosema haikuwa na njia ya kutoka humo.

Kwa waliosoma historia kidogo, ile rangi nyekundu si ngeni. Runge ndiye aliyeigundua piroli mwaka 1834 kwenye lami ya makaa ya mawe, kwa rangi nyekundu ambayo mvuke wake huipa kipande cha mti wa msonobari kilicholoweshwa kwa asidi haidrokloriki, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la wekundu. Kwa hiyo piroli inaogopa asidi kiasi kwamba imepewa jina kwa hilo, na sisi tukaimwagia mola 6.

Tulikaa chini tukahesabu elektroni

Kabla ya kurudia nilimwambia achore pete zote tatu na ahesabu elektroni sita za wingu la aromatiki, yaani zile zinazozunguka pete nzima na kuipa uthabiti, moja moja, aniambie kila moja imetoka kwa nani. Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na naomba nikae hapa kidogo.

Piridini ina kaboni tano na nitrojeni moja. Kila kaboni inatoa elektroni moja, hizo tano, nitrojeni nayo inatoa moja kwa sababu ina bondi mbilimbili ndani ya pete, jumla sita, wingu limekamilika. Nitrojeni bado ina jozi yake pweke mkononi, na jozi hiyo haina kazi kwenye wingu. Imekaa kwenye obitali ya sp2, kwenye bapa la pete, imeelekea nje kama mtu aliyekaa kibarazani. Protoni ikija inaichukua, na wingu la ndani halijui hata kilichotokea. Ndio maana piridini ni besi, umbo lake lenye protoni lina pKa ya 5.2. Ni besi dhaifu kuliko piperidini, ambayo ni pete ileile ikiwa imejazwa haidrojeni, yenye 11 na kidogo, kwa kuwa obitali ya sp2 inaishika jozi karibu zaidi na kiini kuliko ile ya sp3, lakini besi ni besi.

Piroli ina kaboni nne tu. Kaboni nne elektroni nne, wingu linadai sita, mbili zilizopungua zitoke wapi? Zinatoka kwenye ile jozi pweke ya nitrojeni, zote mbili. Yaani jozi aliyokuwa anaitegemea ichukue protoni imeshatumika, iko ndani ya nyumba imeshika nguzo. Ukitaka nitrojeni ichukue protoni lazima ubomoe uaromatiki wote, na piroli haikubali. pKa ya piroli iliyobeba protoni ni karibu −3.8, na hata hapo protoni haiendi kwenye nitrojeni, inaenda kwenye kaboni iliyo jirani nayo, kaboni ya 2.

Mwanafunzi akauliza swali zuri, kwa nini kaboni? Kwa sababu nitrojeni ikishatoa jozi yake kwa pete, elektroni sita zinagawanywa kwa atomu tano, kaboni zinakuwa tajiri kupita kiasi. Protoni ikitua kaboni ya 2, chaji chanya inayobaki inasambaa kwenye kaboni ya 3, ya 5 na nitrojeni, inakuwa nafuu. Ila sasa hicho kipande chenye chaji kina njaa ya elektroni, na jirani yake ni nani? Ni piroli nyingine ambayo bado haijashikwa, tajiri wa elektroni. Inaishambulia, wanaungana wawili, inakuja ya tatu, na mnyororo unaendelea mpaka unapata ule ulimbo uliotuzibia bomba. Haukuwa uchafu wa chombo, ilikuwa piroli yetu yote.

Furani iko katikati. Oksijeni ina jozi mbili, moja imeingia kwenye wingu kama ya piroli, nyingine imebaki nje kwenye bapa kama ya piridini. Mwanafunzi akarukia: "Basi si itakuwa besi kama piridini?" Hapana, maana oksijeni inazivuta elektroni zake kwa nguvu kuliko nitrojeni, ile jozi ya nje ipo lakini haitoi kirahisi. Asidi kali ikija furani nayo hushikwa kwenye kaboni, maji yanaingia, pete inafunguka, unapata dialdehidi na ulimbo wa kwake. Na kwa kuwa oksijeni haipendi kuachia jozi, uaromatiki wa furani ni hafifu kuliko wa piroli, mara nyingi inajiendesha kama dieni ya kawaida tu, yaani kitu chenye bondi mbilimbili mbili, ndio maana inaingia haraka kwenye mmenyuko wa Diels-Alder na anhidridi ya maleiki ilhali piroli haipendi mambo hayo.

Maamuzi ya jaribio la pili na kwa nini

Uamuzi wa kwanza, furani itoke kabla ya kitu chochote. Tulipima peroksaidi kwa vijikaratasi kwanza, maana furani iliyokaa na hewa hutengeneza peroksaidi na hizo zikikauka kwenye moto zinalipuka, kisha tukakeneka kwenye maji ya 45 °C, kipokeo kwenye barafu, yote ndani ya kabati la kuvutia mvuke kwa sababu furani si kitu cha kuvuta puani. Hatukuacha chupa ikauke, na hata haikuweza kukauka, piridini na piroli zilibaki chini.

Uamuzi wa pili, asidi iwe dhaifu na iwe baridi. Hapa kuna nafasi kubwa mno kati ya 5.2 na −3.8, kwa hiyo hatukuhitaji nguvu. Tulichagua asidi sitriki, gramu 20 kwa kila mililita 100, ambayo ni kama mola 1. Mililita 50 mara nne zinatoa moli 0.208, dhidi ya 0.124 za piridini. Ukihesabu kwa pKa yake ya kwanza ya 3.1, mwisho wa kuosha, ukikusanya maji yote pamoja, pH inakaa karibu na 3.3. Kwenye pH hiyo kwa kila molekuli moja ya piridini iliyo huru kuna kama 80 zilizobeba protoni, na hizo zilizobeba ni chumvi, zinakaa kwenye maji. Piroli kwenye pH hiyohiyo? Iliyobeba protoni ni chini ya moja kwa kila milioni kumi. Yaani piroli haijui kama kuna asidi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini si asidi haidrokloriki ya mola 0.5 tu. Ingeweza kufanya kazi ukiwa makini na baridi, lakini ukiizidisha kidogo pH inashuka kwa kasi. Asidi sitriki ina breki yake yenyewe, ukiizidisha hata mara mbili haifiki pabaya.

Uamuzi wa tatu ulitokana na aibu ya mara ya kwanza: kupima kabla ya kumwaga. Alichukua tone la piridini kwenye maji, karatasi ya pH ikaonyesha kama 9. Mmumunyo wa mola 0.1 wa piridini kwa hesabu ni 9.1, kwa hiyo sawa. Tone la piroli kwenye maji, karatasi haikubadilika. Dakika mbili tu. Kama angefanya hivi siku ya kwanza yale maandishi ya "piroli itatangulia" yangekufa palepale.

Matokeo

Furani ilitoka mililita 8.5 kati ya 31 na 33 °C, safi kama maji.

Kilichobaki alikiyeyusha kwenye mililita 60 za etha, akakiweka kwenye barafu, akaosha mara nne kwa asidi sitriki baridi iliyotiwa chumvi ya mezani kidogo. Rangi ilibaki njano hafifu. Maji yale aliyarudishia etha mililita 20 kuokoa piroli iliyopotelea humo, maana piroli huyeyuka kwenye maji kwa kama gramu 4.5 katika mililita 100, si kidogo, hiyo haihusiani na besi ni uyeyukaji tu. Etha ikakaushwa, ikaondolewa, piroli ikakenekwa chini ya nitrojeni: mililita 6.5 kwenye 128 hadi 130 °C, haina rangi.

Piridini ilitaka uvumilivu. Asidi sitriki ina protoni tatu, kwa hiyo sodiamu haidroksaidi iliyohitajika ilikuwa zaidi ya gramu 25, imeongezwa polepole kwenye barafu mpaka karatasi ikasoma zaidi ya 10, kisha chumvi nyingi kuisukuma piridini itoke kwenye maji, kisha etha mara tatu. Mwisho mililita 7 kwenye 113 hadi 115.

Kuhakiki usafi tulitumia bromini kwenye dikloromethani, tone moja moja, kwa sababu hapa tabia ya jozi inaonekana kwa macho. Tone kwenye piroli rangi ilipotea papo hapo, kaboni zile tajiri zinaila bromini bila kichocheo chochote. Tone kwenye furani vilevile. Kwenye piridini rangi ya njano ya chungwa ilibaki imekaa, bromini imeegemea tu jozi ya nje lakini kaboni hazijaguswa. Pete ya piridini ni maskini wa elektroni, nitrojeni inavuta na haijatoa jozi, na ikishabeba protoni ndio kabisa, kuinaitrisha inataka joto la karibu 300 °C na mavuno bado ni haba. Kama kungekuwa na piroli iliyojificha kwenye piridini yetu rangi ingepotea au kuwa nyeusi.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Wazo la kutenganisha kwa asidi lilikuwa zuri tangu mwanzo, na hili nalisisitiza kwa sababu baada ya ajali watu huwa wanatupa mpango mzima. Kilichoshindikana ni kusoma herufi badala ya kuhesabu elektroni. Kanuni aliyoondoka nayo ni fupi: nitrojeni ya ndani ya pete ya aromatiki ikiwa na bondi mbilimbili kwenye pete, jozi yake iko nje na ni besi, ikiwa na bondi moja moja tu, pamoja na H au kundi jingine, jozi imeingia kwenye wingu na usiitegemee.

Kitu cha pili ni kwamba alichanganya "haitachukua protoni" na "haitadhurika". Baada ya kuelewa alidhani piroli kwa kuwa si besi basi asidi yoyote haiigusi. Kumbe ni kinyume, udhaifu wa nitrojeni ndio unaoifanya kaboni iwe mlengwa. Tofauti iko kwenye nguvu ya asidi, sitriki haifiki huko, mola 6 inafika.

Hasara ya piroli, theluthi nzima, bado haijaniridhisha. Nadhani nyingi ilibaki kwenye maji ya sitriki, mililita 200 ni mengi, na kuyavuta kwa etha mara moja kulikuwa uvivu, ingetakiwa mara mbili au tatu. Pia chupa ya piroli aliiacha kwenye meza mwangani, baada ya siku chache ikawa ya rangi ya asali, safari hii ni hewa na mwanga. Ilipaswa ikae kwenye baridi na giza.

Wiki iliyofuata alikuja na mchoro wa imidazoli, nitrojeni mbili kwenye pete moja ya watu watano, akaniuliza protoni itaenda wapi. Nikamrudishia kalamu. Akahesabu: kaboni tatu, tatu, nitrojeni yenye H, mbili, nitrojeni yenye bondi mbilimbili, moja, sita. "Basi hii yenye H imeshatoa, protoni inaenda kwa yule mwingine." Ndivyo, na pKa yake ni karibu 7.0. Akaondoka na mchoro wake bila hata kuaga.